Pointi Tano za Uhuru

Asista Murhula, mhadhiri msaidizi, alifundisha nadharia ya kujiamulia kwa imla. Alisimama mbele ya darasa la chuo cha ualimu, hapo Goma, akisoma karatasi zilizochakaa, na aliyethubutu kuandika kwa maneno yake mwenyewe alikatwa pointi.

"Mwanafunzi ana mahitaji matatu ya nafsi," alisoma. "Nukta mbili. Kujiamulia, koma, kujiona anaweza, koma, kujisikia ana watu wake. Nukta."

Kanyere, aliyekaa safu ya pili, aliandika huku akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Mtu anahubiri uhuru huku akihesabu koma za wenzake! Alimdharau kwa moyo mkunjufu, na dharau hiyo ilimpendeza kuliko somo lenyewe.

Kazi waliyopewa ilikuwa kueleza nadharia hiyo kwa mfano kutoka shule ya sekondari. Wenzake waliingiwa na hofu. Kanyere hakuwa na wasiwasi, maana mfano alikuwa nao, tena hai.

Alikuwa akifanya mazoezi ya kufundisha fizikia katika shule moja ya mtaa wa Mabanga. Siku ya somo la msuguano aliwauliza wanafunzi wa mwaka wa nne swali moja: wakiachia mteremkoni chukudu mbili, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili ya kubebea mizigo, moja imebeba viazi na nyingine tupu, ipi itafika mbali? Walibishana mpaka kengele ikalia. Kesho yake Munezero, msichana aliyezoea kusinzia karibu na dirisha, alikuja na chukudu ya mbao ndogo kama kiganja. Wengine wakachonga zao. Baada ya masomo wakawa wanabaki nyuma ya madarasa, kwenye mteremko wa mawe ya volkano, wakibadilisha magurudumu, wakipakia mchanga, wakichekana. Hakuna aliyewaita, na hakuna aliyewafukuza.

Kanyere hakuwapangia kitu. Alisema tu, "Hii ya leo imepita ya jana. Ulibadilisha nini?" kisha akawaachia wenyewe. Kikundi kile alikipenda. Kwa ajili yake alivumilia jua, vumbi na chaki mbovu za shule, na aliomba kimoyomoyo kisife siku atakapoondoka. Aliwaambia hata kwamba anawaandika katika kazi yake ya chuo, nao wakajiona watu wakubwa.

Ndipo prefe, yaani mkuu wa shule, Papa Twagirimana, akapita akaona. Huyo alikuwa mtu asiyeweza kuona kitu kizuri bila kukipiga muhuri.

"Hii ni muzuri sana, Madame. Bataifanya bure namna gani? Kila mutoto mwenye atakuya, tutamupatia pointi tano za fizikia."

Kanyere alijua. Ndiyo kwanza alikuwa amemaliza ukurasa mzima juu ya jambo hilo: mtu akiahidiwa zawadi kwa kitu anachokifanya kwa kukipenda, huanza kujiona anakifanya kwa ajili ya zawadi, na hamu yake hunyauka. Neno moja lingetosha kumzuia prefe. Lakini wanafunzi wachache wangeonekana wachache kwenye kazi yake ya chuo, na Asista Murhula alipenda umati.

"Aksanti, Papa Prefe," alisema.

Umati ukaja kweli. Darasa zima lilijaa mteremkoni na chukudu za mfano mmoja, ule aliousifu prefe, kwa sababu hakuna mwenye akili ambaye angehatarisha pointi kwa kujaribu gurudumu jipya. Hakuna aliyebishana tena. Waliuliza kama majina yao yameandikwa, wakaondoka. Kanyere aliandika kwamba ushiriki umeongezeka sana.

Murhula aliisoma kazi yake kwa sauti mbele ya chuo kizima, pamoja na ule ukurasa juu ya zawadi, bila kuona ajabu yoyote. Kanyere naye alivimba kichwa.

Pointi za fizikia zilipokwisha kufungwa, alirudi mteremkoni. Alisubiri peke yake mpaka Munezero alipotokea, mkoba begani.

"Madame, leo kuko pointi?"

"Hakuna tena. Lakini ulisema unataka kujaribu gurudumu la mupira."

"Ile ilikuwa zamani." Msichana aliitazama chukudu mkononi mwake, akaiweka juu ya jiwe kama kitu cha mtu mwingine. "Na weye, Madame, ile kazi yenye ulituandika, balikupatia pointi ngapi?"

Kanyere alitafuta uongo, ukachelewa.

"Kumi na saba juu ya makumi mbili."

"Félicitations," Munezero alimpongeza kwa adabu zote, akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akaenda zake nyumbani.