Majivu ya Ghorofa ya Kumi na Moja

Mzee Kangethe hakuwa na gari. Hakuwa na meno mawili ya juu, hakuwa na nywele, na hakuwa na subira na watu wanaosema bila kusoma. Hadi alipofika miaka hamsini na mmoja hakuwa na cheti cha sekondari, kisha akakipata Toronto, katika darasa la usiku, na kukitundika sebuleni juu ya televisheni. Na tangu mwaka 2006, Chepngetich aliporudi Kericho, hakuwa na mtu wa kumchemshia chai kabla hajaamka.

Chepngetich alikuwa mtoto wa dada ya mkewe. Aliletwa Thorncliffe Park, mtaa wa Toronto, akiwa na miaka kumi na tisa, kwa ahadi kwamba angewaangalia watoto mchana na kusoma jioni. Lakini jioni lazima mtu abaki na watoto, na Kangethe alikuwa na darasa.

Jumamosi moja ya Machi, saa saba mchana, majivu yakaanza kuanguka ndani ya nyumba ya Kangethe. Hayakuanguka kwa jirani. Kwanza vilianguka vijiwe vyeupe vyepesi vyenye vitundu, kama vile vya kusugulia visigino, kisha vya kijivu. Mkewe, Mama Shaun, alifunika sufuria ya ugali. Vilipofika kwenye magoti walichukua dawa zao na cheti, wakapanda basi kwenda Malton kwa mtoto wao Shaun.

"Vitaanguka kwa muda wa saa kumi na nane," Kangethe alimwambia Shaun. "Kisha utakuja moto pamoja na vumbi laini, uingie hata chini ya milango. Ndivyo ilivyokuwa Pompeii, mji wa Warumi uliozikwa na volkano, mwaka wa sabini na tisa baada ya Kristo."

"Sawa, Dad," alisema Shaun, akatandika kochi.

Ikawa hivyo hivyo. Jumatatu msimamizi wa jengo, Malek, alileta makoleo mawili na kusema mkataba wa upangaji hautaji majivu, kwa hiyo kuyazoa ni juu ya mpangaji. Binti yao Melissa alichukua likizo kazini. Zohra, jirani wa mlango wa pili, mzaliwa wa Mwanza, alileta ndoo na sambusa.

Walichimba siku nne. Chini ya vijiwe, mahali pa korido ya kutoka mlangoni kwenda jikoni, palikuwa na barabara ya mawe meusi makubwa. Kangethe alifurahi. Alivaa koti, akashika fimbo ya pazia, akawatembeza.

"Hii mifereji miwili imechimbwa na magurudumu ya mikokoteni," alisema. "Haya mawe matatu yaliyoinuka ni ya kuvukia, mtu asikanyage maji machafu. Mkokoteni unapita katikati yake, magurudumu huku na huku. Hapa ni duka la chakula. Mitungi imejengwa ndani ya meza, na mnunuzi anakula amesimama. Watu wengi hawakuwa na jiko kwao."

"Kama wanangu," alisema Zohra. "Jiko wanalo, lakini hawalijui."

Kwenye ukuta palikuwa na maandishi mekundu ya kumpigia mtu kampeni. Ndani ya tanuri palikuwa na mkate mweusi kama makaa, wa duara, uliokatwa alama za vipande vinane. Melissa alitaka kuugusa, babake akampiga kidole kwa fimbo.

Jikoni, sakafu ilikuwa na mistari iliyochongwa nusu duara, ikifuatana kutoka sinki hadi jiko, kutoka jiko hadi mashine ya kufulia, na kurudi tena kwenye sinki.

"Hii ni ya kiwanda cha mikate," alisema Kangethe. "Punda alifungwa kwenye jiwe la kusagia, akazunguka mchana kutwa. Alama hizi zilimzuia asiteleze, na zilimwonyesha pa kukanyaga."

"Mbona ni ndogo?" aliuliza Melissa. "Hii ni size ya mguu wa mtu."

Kangethe aliwapeleka kwenye sinki, ambayo sasa ilikuwa ya jiwe, na ukingo wake wa kulia ulikuwa umelika, umebonyea kama kijiko.

"Na hapa ni bomba la mtaa. Watu waliinama kunywa, wakaegemea mkono mahali pale pale, miaka na miaka, hadi jiwe likaisha. Wakubwa waliacha majina yao ukutani. Lakini ukitaka kujua nani alifanya kazi, tazama palipolika."

Mama Shaun aliweka kiganja chake ndani ya ule mbonyeo. Hakikuenea. Kangethe aliweka chake. Hakikuenea pia.

"Huo ni mkono wa Chepngetich," alisema Mama Shaun. "Alikuwa akiegemea hapo akiosha vyombo, mgongo ukimuuma."

Kangethe aliishusha fimbo.

Stoo ilibaki mwisho. Mlango wake ulikuwa umefungwa, kwa hiyo vijiwe havikuingia. Liliingia lile vumbi laini tu, nalo likaganda likawa gumu kama udongo wa kichuguu. Melissa alipogonga, palisikika uwazi ndani.

"Simama," alisema Kangethe. "Mwili ukizikwa kwenye vumbi hili, unaoza na kuacha nafasi ya umbo lake. Tangu mwaka 1863 wachimbaji wa Pompeii wanatoboa tundu na kumimina jasi, ule unga mweupe unaofungia mifupa hospitalini. Ikikauka, unabomoa majivu, na mtu anabaki."

Alijua nani angetokea, na angeweza kutosema. Lakini alikuwa amezoea kumaliza somo.

Walimimina ndoo sita, wakasubiri siku mbili, kisha wakabomoa polepole kwa vijiko. Alikuwa msichana amelala ubavu, mkono mmoja chini ya shavu, magoti yamekunjwa hadi kifuani kwa sababu stoo ilikuwa fupi. Mikunjo ya soksi zake ilionekana. Kando ya kichwa palikuwa na daftari lililofungwa, vidole vya mkono wa pili vikiligusa.

"Si ndiye yule mpwa wenu?" alisema Zohra. "Alikuwa akinibebea mifuko hadi kwenye lifti. Shikamoo yake ya taratibu. Anaendeleaje?"

"Yuko Kericho. Hajambo," alisema Mama Shaun.

Melissa alisimama mlangoni. "Dad, alilala hapa miaka tisa? Ulituambia anapenda giza."

"Hapakuwa na nafasi."

"Kulikuwa na chumba chako cha kusomea."

Jioni hiyo Kangethe alikishusha cheti, alichokuwa amekitundika tena ukutani, akakifuta vumbi, akashindwa pa kukiweka, akakirudisha.

Asubuhi alikaa mezani na karatasi. Aliandika, "Mpendwa Chepngetich, nisamehe," akaitazama sentensi hiyo hadi chai ikapoa. Ilikuwa sahihi kisarufi. Mama Shaun alipita akishika kuta, maana goti lake lingepasuliwa mwezi wa sita na daktari alisema asisimame jikoni. Alikuta vyombo, akaegemea ukingo wa sinki, akakaa chini.

"Si binti wa Chepngetich amemaliza shule?" alisema.

"Amemaliza."

Kangethe aliingia stoo na futi. Walikuwa wamemsogeza yule msichana wa jasi hadi ukutani, na ufagio umeegemezwa kwake. Alipima sakafu iliyobaki. Ilimtosha mtu, akikunja magoti.

Alichukua karatasi mpya. Aliandika kwamba wote ni wazima, kwamba theluji imeanza kuyeyuka, kwamba goti la Mama Shaun linasumbua. Aliandika kwamba binti angekaribishwa sana, asaidie kidogo mchana, na jioni asome. Alisaini jina lake lote kwa mwandiko aliofundishwa darasani.

Ile karatasi ya kwanza aliikunja ndogo, akaichomeka kati ya vidole vya jasi, pale kwenye daftari. Kisha akaitia barua mpya kwenye bahasha, akalamba gundi. Ilikuwa na ladha ya majivu. Aliibana kwa kiganja hadi ikashika, akavaa koti, akashuka kwa lifti, akaitumbukiza kwenye sanduku jekundu la posta mbele ya maduka, na kusubiri hadi akaisikia imefika chini.