Mstari Mnene wa Kipimo cha Nne

Mama Ripoti hakuwa na dogo. Kila ukurasa wa ofisi ya bwawa ulipita mikononi mwake kabla haujafika kwa bodi, na asubuhi hiyo alimwita Mpimaji mezani kwake huku ameinua karatasi kwa vidole viwili, kama ameshika soksi ya mtu.

"Mwanangu, hiki ni nini?"

Ulikuwa mchoro wa Mpimaji mwenyewe: maji yanayovuja chini ya ukuta wa bwawa, kwenye vipimo vitano, kwa siku thelathini. Kwenye slaidi ulikuwa umependeza. Hapa ulikuwa umefifia, kingo za herufi zimekatika vipandevipande, na namba za pembeni zimesinyaa hazisomeki.

"Nimepiga skrinishoti ya slaidi yako," alisema Mama Ripoti, "nikaibana ienee."

"Ndiyo maana, mama. Picha ya skrini ina vidoti vichache, printa haishibi navyo. Na slaidi ina upana wa sentimita thelathini na tatu. Ukiibana ifike kumi na sita, herufi za pointi kumi na mbili hazifiki hata sita."

"Basi wazee wa bodi hawazioni hata kwa miwani miwili. Kikao ni saa nne. Una dakika arobaini."

Mpimaji alirudi kwenye kompyuta yake bila kubisha. Kikao hicho hakikuwa cha mchezo. Kipimo chochote kikivuka lita arobaini kwa dakika, kanuni ilisema milango ya bwawa ifunguliwe na watu wa bondeni wahame siku hiyohiyo. Mama yake mzazi alikaa bondeni, nyumba ya tatu kutoka ukutani. Lakini Jumatatu Mpimaji mwenyewe aliandika kwenye slaidi, kwa herufi kubwa za pointi ishirini na nane: "Vyote chini ya kiwango." Ofisi nzima ikashusha pumzi, naye akalala vizuri. Tangu hapo kompyuta iliendelea kupokea namba na kuziongeza kwenye mchoro, na yeye kila asubuhi aliutupia jicho akaendelea na kazi nyingine.

Hakuuvuta ule wa slaidi. Aliuchora upya kwenye jedwali la namba, kwa upana uleule utakaokaa kwenye karatasi, sentimita kumi na sita. Herufi akazipa pointi tisa. Mistari aliyoinenepesha hadi pointi sita, ili hata aliyekaa nyuma ukumbini aione, akaipunguza ikawa pointi moja. Kisha akaunakili, akaubandika kwenye ripoti kama mchoro wa mistari, si picha ya vidoti, kwa sababu huo hata ukiukuza mara ngapi hauchakai.

Akaukuza ili ahakikishe. Akaukuza tena.

Mstari wa kipimo cha nne ulikuwa juu ya mstari mwekundu wa kikomo, lita arobaini. Si mbali, sehemu nane tu za kumi za lita, lakini kati ya mistari hiyo miwili palionekana weupe wa karatasi. Kwenye slaidi unene wa bluu ulikuwa umeulalia wekundu ukauziba, na jicho likadhani inagusana tu. Alifungua namba zenyewe. Ulivuka Jumanne. Leo ilikuwa Alhamisi.

Aliona aibu, halafu hofu ikaifuta aibu. Alichapa ukurasa ule mmoja akakimbia nao ukumbini.

Mhandisi Mkuu alikuwa ameshawasha projekta. Mchoro mnene, mzuri, ulijaa ukuta mzima.

"Dada, tunaona vizuri hapa," alisema kwa upole. "Vipo chini."

"Hapo huoni kitu, mzee. Mistari niliinenepesha mwenyewe, imekuficha. Tazama karatasi."

Mhandisi aliivuta karibu na macho. Wazee wa bodi walimtazama anavyofuata namba moja moja kwa ukucha. Alipomaliza hakumlaumu mtu. Alichukua simu ya mezani akaomba chumba cha milango, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida.

Mpimaji alitoka koridoni akampigia mama yake.

"Umepiga wakati mzuri," mama alisema, ana furaha. "Mungu mkubwa, mwanangu. Tangu jana sijamwagilia bustani, na imelowa yenyewe. Leo maji yanatiririka kabisa, ila ya kahawia, kama yametoka shimoni."

Mpimaji alijua maji safi yanavuja tu. Ya kahawia yanabeba udongo wa ukuta, yanaula kwa ndani.

"Mama, toka. Panda juu barabarani sasa hivi."

"Ngoja basi nivae viatu."

"Usivae."