Dadu Isiyojua Bahati

Katika kijiji kile kipya cha ujamaa, nje kidogo ya Kabuku, habari haikuhitaji redio. Jumatatu asubuhi Mwalimu Swaumu aliwatolea darasa la sita dadu, na kabla ya adhuhuri wanawake kisimani walikuwa wameshasimulia jinsi watoto walivyocheza kamari, wakawekeana dau, wakatoana damu. Hakuna mtoto aliyetoka damu. Lakini kisima ni kisima, maji yake hayachujwi.

Dadu yenyewe Swaumu aliichonga kwa boriti ya mkonge, kubwa kama ngumi, na nukta zake akazichoma kwa msumari wa moto. Alichora miraba kumi na sita kwa chaki sakafuni, akawafundisha watoto kuibingirisha dadu mraba hadi mraba huku wakiandika namba iliyo juu. Hisabati mpya, ndivyo alivyofundishwa chuoni. Hakuna aliyemwambia kwamba chuo hakina kamati ya shule.

Kamati hapa ilikuwa na Mzee Isihaka. Mwenyekiti huyu alikuwa mcha Mungu, mwenye kanzu nyeupe hata siku ya kupalilia shamba la kijiji, na alichukia dadu kuliko nguruwe pori wanaokula mihogo. Jioni ileile aliandika barua kwa Afisa Elimu wa Wilaya, kisha, kwa uungwana wake, akaenda kumwambia Swaumu kwamba itaondoka na basi la Jumatano.

Kwa Swaumu ulibaki mwezi mmoja tu athibitishwe kazini. Mwalimu asiyethibitishwa, tena mwenye barua ya kamari, angerudi Mpale kwa mama yake kupalilia mahindi, na majirani wangemsalimia kwa huruma kila asubuhi. Huruma hiyo ndiyo aliyoiogopa zaidi ya jembe.

"Mzee," alisema, "kamari ni kutojua kitakachotokea, au sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi kesho njoo na kamati. Wewe utaibingirisha dadu utakavyo, ukinitajia upande tu, mimi nitakupa mgongo. Nikikwambia namba iliyo juu bila kuiona, utasema bado ni kamari?"

Mzee Isihaka aligusa mfuko wenye barua. "Ukikosea, barua inakwenda."

"Nikikosea, nitaipeleka mwenyewe kituoni."

Maneno hayo yalimtoka kabla hajayafikiria, na usiku mzima aliyajutia.

Jumanne alasiri darasa lilijaa. Kamati ilikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mama Mashavu, mkewe Mzee Isihaka, hakuwa mwanakamati, lakini nani angemzuia mlangoni?

Swaumu alianza kwa kueleza. Kaskazini na kusini zote zinaanza na herufi moja, mashariki na magharibi vilevile, kwa hiyo darasa la sita lilitumia barabara wanazozijua: S ni kuelekea Segera, C ni Chalinze, T ni Tanga, H ni Handeni.

"Naandika namba tatu tu," alisema. "Ya kwanza ni ya juu, ya pili inatazama Segera, ya tatu inatazama Tanga. Nyingine sihitaji kuziandika, kwa sababu pande mbili zinazopeana mgongo zikijumlishwa ni saba daima. Sasa tuko moja, tano, tatu."

Akaandika: 1-5-3.

"Nikibingirisha kuelekea Tanga, moja ya juu inalala upande wa Tanga. Iliyokuwa upande wa Handeni inapanda juu. Tanga ilikuwa tatu, basi Handeni ni nne. Ya Segera haisogei, inazunguka palepale." Akaandika: T: 4-5-1.

"Mbona kama kupindua chapati," alisema Mama Mashavu, na watu wakacheka. Mumewe hakucheka.

Dadu ikarudishwa kwenye mraba wa kona, moja juu. Swaumu akageukia ubao, chaki mkononi, na Mzee Isihaka akachuchumaa, mikono ya kanzu yake ikigusa sakafu.

"Tanga," alitangaza mzee. Swaumu akaandika T: 4-5-1.

"Segera." S: 2-4-1.

"Segera tena." S: 3-2-1.

"Tanga." T: 6-2-3.

"Chalinze." C: 2-1-3.

"Tanga. Basi."

T: 4-1-2. Kamati nzima ilikuwa imekodolea ubao, maana mwandiko wa Swaumu ulikuwa mzuri na chaki ilikimbia. Alivuta pumzi.

"Juu ni nne."

Kisha mtu akaguna. Swaumu akageuka, na pale sakafuni dadu ilikuwa imetulia kwenye mraba wake, na juu yake nukta sita, safu mbili za tatutatu, hazina hata aibu.

"Sita," alisema Mzee Isihaka kwa upole. "Bahati haikukuangukia, mwanangu. Ndiyo kamari hiyo."

Uso ulimwaka Swaumu. Alitaka sakafu ipasuke. Lakini hasira ilikuja haraka kuliko aibu, kwa sababu hesabu ile aliijua kama jina lake, na hesabu haiamki siku moja ikabadili mawazo.

"Naomba dakika tano, mzee."

Alirudi ubaoni, akaanza upya pembeni. Akairuka hatua ya kwanza, kana kwamba dadu haikupinduka pale: mwisho ikatoka moja. Akairuka ya pili: tano. Ya tatu: tano tena. Akairuka ya nne, akaiacha dadu ibaki 3-2-1. Chalinze, 2-4-1. Tanga, 6-4-2.

Sita.

Hakusimama hapo. Akairuka ya tano, ikatoka nne. Akairuka ya sita, ikatoka mbili. Ndipo akaweka chaki chini na kugeuka.

"Mzee wangu, unisamehe. Kuna hatua moja tu ambayo ikirukwa inapatikana sita, nayo ni ya nne. Hatua ya nne hukuibingirisha dadu. Uliisukuma, ikateleza, tatu ikabaki juu."

Madawati yalilia. Kumwambia mwenyekiti hivyo mbele ya watu! Mzee Isihaka aliutazama mkono wake wa kulia ulioko ndani ya kanzu kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Mama Mashavu ndiye aliyeangua kicheko, akacheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Kidole kile! Baba Mashavu, kumbe bado kinafanya kazi!"

"Nyamaza, mama."

"Sinyamazi. Miaka minne kambi ya mkonge, nani hakuliwa fedha na kidole kile?"

Mzee alikaa sakafuni, kanzu nyeupe na yote, katikati ya chaki. Alipoanza kusema, sauti yake haikuwa tena ya mwenyekiti.

"Nilikuwa kijana, mcheza kamari ya dadu. Unaitelezesha kwa kidole kidogo, inaonekana imepinduka, kumbe haikupinduka. Nimewala watu hivyo. Kisha akaja mmoja mwenye kidole chepesi kuliko changu, akanila ng'ombe wa baba yangu, yule wa pekee, na sikuona alivyofanya. Baba aliondoka duniani hajanisemesha." Akaiokota dadu, akaigeuza mkononi. "Leo sikukusudia kukuibia, mwalimu. Au labda nilikusudia. Mkono ulitangulia."

Hakuna aliyecheka tena, hata Mama Mashavu. Swaumu hakujua aombe radhi au alie.

"Kidole hiki hakuna jicho lililowahi kukiona," mzee aliendelea. "Wewe umekiona ukiwa umenipa mgongo."

Aliitoa barua mfukoni, akaichana vipande vinne, akamkabidhi Swaumu pamoja na dadu.

"Wafundishe," alisema. "Laiti angekuwapo wa kunifundisha mimi, baba angekufa na ng'ombe wake zizini."