Kipengele cha Nne

Roseline alifika Rongo asubuhi akitokea Osiri, miguu imemvimba, akamkabidhi Phanice simu yake. Phanice alikuwa mpiga chapa aliyewahi kufanya kazi kortini. Ndani ya simu mlikuwa na picha mbili za mkataba wa wachimbaji dhahabu waliokodi shamba la Roseline. Moja aliipiga siku ya kutia sahihi, nyingine aliipiga juzi kwenye nakala waliyompelekea chifu.

Phanice alizikuza picha, akasoma mstari kwa mstari huku akiandika orodha ya tofauti. Kipengele cha pili: "miezi sita" imekuwa "miaka sita". Kipengele cha nne, cha kufukia mashimo, kimeondolewa. Cha tano sasa ndicho cha nne. Tarehe na sahihi zinafanana. Mstari wa mwisho: kwenye picha ya kwanza umefunikwa na kidole, hausomeki.

"Andika huo pia wameubadilisha," Roseline alisema. "Hawa ni wezi tu."

"Sikuuona, mama. Nikiandika nisichokiona, hata haya mengine hawatayaamini."

Roseline aliipokea karatasi yenye orodha, akaikunja.

Alasiri, kule Osiri, chifu aliisoma orodha mbele ya wachimbaji, akikagua kila jambo kwenye picha. Msimamizi wao alidai picha ya kwanza ni ya kughushi.

"Basi leta mkataba wenyewe, wenye sahihi za wino," chifu alimwambia. "Hadi hapo, hakuna kuchimba."

Msimamizi aliondoka.

Roseline alirudi shambani, akaketi kando ya shimo. Mashine zilikuwa zimezimwa. Hakufurahi, alitaka kulala tu.