Mifupa Minane ya Kiganja

Mke wa fundi rangi alirudi shule akiwa na miaka thelathini na minane. Alikuwa mhudumu wa wodi, akaamua kusomea uuguzi, na somo lililomtoa jasho kuliko yote lilikuwa mifupa. Akachukua karatasi ngumu za sampuli za rangi ambazo mumewe alikuwa hazihitaji tena, akazikata kadi ndogo ndogo. Upande mmoja alichora mfupa, upande wa pili akaandika jina lake na maneno ya kumsaidia kukumbuka.

Kazi ya fundi ilikuwa kushika kadi na kuuliza. Walikuwa hawana mtoto, nyumba ilikuwa kimya, kwa hiyo asubuhi kabla ya kutoka walikaa mezani, chai katikati.

"Pingili za uti wa mgongo?"

"Siku za wiki shingoni, miezi ya mwaka kifuani, vidole vya mkono kiunoni. Saba, kumi na mbili, tano."

"Mifupa miwili ya mguu, chini ya goti?"

"Tibia tajiri, fibula fukara. Tajiri mnene amekaa ndani, ndiye anayebeba uzito. Fukara mwembamba yuko nje."

"Kama kawaida yao," fundi alisema, na mkewe akacheka mpaka chai ikamwagika.

Iliyomshinda ni mifupa minane ya mwanzo wa kiganja, ile midogo iliyopangwa safu mbili pale mkono unapokutana na kitanga. Alijaribu sentensi tatu, zote zikamtoka kichwani. Jumamosi moja asubuhi walikorofishana. Fundi alikuwa ameahidi kupaka rangi chumba chao tangu mwaka uliopita, na mke akaanza kumsomea makosa yake moja baada ya jingine, kuanzia ukuta mpaka mama mkwe. Fundi akaweka kikombe chini.

"Sipendi lawama, tafadhali punguza," alisema. "Tukae tu kimya hapa."

Mke akamkazia macho. Fundi akadhani amemuudhi zaidi.

"Rudia," mke akasema.

"Nirudie nini?"

"Hivyo hivyo ulivyosema. Pole pole."

Akarudia, mke akihesabu kwa vidole. Sipendi, skafoidi. Lawama, lunati. Tafadhali, trikwetramu. Punguza, pisifomu. Hiyo safu ya kwanza, kutoka upande wa kidole gumba. Tukae, trapeziamu. Tu, trapezoidi. Kimya, kapitati. Hapa, hamati. Hiyo safu ya pili. Mke akaruka kutoka kwenye kiti, akambusu mumewe kwenye paji la uso, na ugomvi ukafia hapo hapo. Chumba kilipakwa rangi wiki hiyo hiyo.

Alifaulu. Alifanya kazi wodini miaka kadhaa, akaendelea na masomo, kisha chuo kimoja cha mbali, safari ya basi ya kutwa nzima, kikamwita akafundishe. Walikubaliana mwaka mmoja. Mwaka ulipoisha chuo kikaomba mwingine, na fundi akasema hakuna neno. Ulipoisha wa pili hakuna aliyeuliza wala aliyejibu. Kadi alizichukua, zilikuwa zana zake za kazi. Mwanzoni walipigiana simu kila jioni, baadaye Jumapili, baadaye mtu akikumbuka.

Hawakugombana. Hilo ndilo lililomsumbua fundi. Watu wakimuuliza, "Shemeji hajambo?" alijibu hajambo, na hakuwa akidanganya. Alipika chakula cha mtu mmoja, na kila mara kilibaki. Njiani alijikuta akitazama watu kwa mifupa yao: mwanamke aliyejitwika ndoo, siku zake za wiki zimenyooka; mzee aliyechechemea, pengine tajiri wake aliwahi kuvunjika. Hakuwa na wa kumwambia.

Siku moja, akipaka dari ya duka la dawa, ngazi iliteleza. Haikuwa juu sana. Alianguka akatanguliza mkono wa kulia, akainuka, akajipangusa vumbi, akasema hamna shida. Kesho yake brashi ilimshinda kushika.

Hospitali alimkuta tabibu kijana mwenye miwani, mpole wa sauti. Kijana alimwambia anyooshe kidole gumba, kisha akabonyeza kwenye kile kishimo kinachojitokeza nyuma yake. Fundi akauma meno.

"Pole, mzee wangu. Picha haionyeshi ufa, lakini mfupa huu una tabia ya kuficha ufa siku za mwanzo. Nikibonyeza hapa ukaumia hivi, sikuachi uende bila plasta. Utarudi baada ya wiki mbili tupige picha nyingine."

"Ni skafoidi?"

Kijana akamtazama. "Ndiyo. Umeujuaje?"

"Sipendi," fundi akasema. "Sipendi lawama, tafadhali punguza."

"Tukae tu kimya hapa," kijana akamalizia, akacheka kwa furaha. "Kumbe imefika mpaka huku! Hiyo ni ya mwalimu wetu wa chuo. Darasa zima tuliiimba. Hata leo nikishika mkono wa mtu ndiyo inayonijia kwanza."

Fundi aliuliza chuo gani. Kijana akakitaja, na kilikuwa kile kile.

"Aliwaambia ameitoa wapi?"

"Alisema kuna mtu aliyeisema wakigombana. Akasema ndiyo sentensi yenye faida kuliko zote alizowahi kuambiwa." Alikuwa akilowesha plasta, hakuinua macho. "Alikuwa mwalimu mchangamfu yule. Ila hakuzungumzia sana mambo ya kwake."

"Hamkumuuliza mtu huyo ni nani?"

"Hatukuuliza, mzee."

Fundi aliangalia mkono wake ukizungushiwa plasta mpaka kidole gumba kikapotelea ndani. Angeweza kusema ni mimi. Aliona aibu, kama mtu anayedai kiti ambacho ameshakiacha.

Jioni alimpigia mkewe. Mke alishtuka, akauliza maswali mengi, yote ya kazi: vidole vinakufa ganzi? Vimevimba? Rangi yake je? Akamwambia mfupa ule hupona taratibu kwa sababu damu huufikia kwa shida, asibebe kitu, asiiloweshe plasta. Fundi alijibu yote. Hakumweleza habari za yule kijana. Kila alipotaka kuanza, mke alikuwa ameshaingia kwenye swali jingine.

Picha ya pili ilionyesha ufa. Plasta ikaendelea, na fundi akakaa nyumbani wiki nyingi, hana kazi. Alijifunza kufunga vifungo kwa mkono wa kushoto. Katika kukaa huko akaanza kuitafutia sentensi mifupa ya nyuma ya unyayo, ile saba: talasi, kalkaneo, navikula, kuboidi, na kuneiformi tatu. Aliitunga na kuifuta mara nyingi. Ilipokaa sawa, akaiandika kwenye simu kwa kidole kimoja, akaituma:

*Tukutane kwetu nyumbani, kama kweli kuna kurudi.*

Akaongeza chini yake: *Ya mifupa ya unyayo. Kwa wanafunzi wako.*

Aliona mke ameisoma. Aliona anaandika, ameacha, anaandika tena. Fundi aliketi akiitazama simu mezani, mkono wa plasta pajani.

Jibu likaja.

*Nzuri sana. Ila K zimekuwa nyingi, watazichanganya.*

Fundi aliisoma, akaisoma tena. Ni kweli, K zilikuwa nyingi. Akaandika *Sawa, mwalimu*, akainuka kwenda kuwasha jiko.

Mke hakurudi mwaka ule.