Shapu ya Mwanzoni

"Dada, hii kodi ni ya nyumba au ya kichwa?"

Hivyo ndivyo Chiriku alivyoingia kwenye kwaya ya chuo, ameshika karatasi ya nadharia ya muziki kama bili ya umeme. Mdomo wake haupumziki. Lakini Jumatano moja alikuja kimya, akaketi kando ya kinanda. Mama yake alikuwa amefariki juzi yake. Kwaya ingeimba mazikoni Jumamosi, naye hakutaka kukaa na wafiwa wenzake.

"Mama hajawahi kunisikia nikiimba ila bafuni," alisema. "Nifundishe sauti ya pili."

Mimi ndiye kiongozi wa sauti ya pili. Kufariji mtu sijui, najua kutania. "Bafuni kuna mwangwi, mdogo wangu. Makaburini utaumbuka."

Akacheka kidogo. Tukaanza.

"Kodi ni nota kadhaa zinazolia pamoja. Ufunguo wetu ni D, kwa hiyo do ni D. Besi wanashika D, sauti ya kwanza wanashika A. Sisi katikati, F shapu, yaani F iliyopandishwa nusu hatua, ndiyo mi yetu." Nikazibonyeza zote. "Sasa sikia nikishusha mi nusu hatua."

Uso ukambadilika. "Imekuwa msiba."

"Nota moja tu hiyo. Na nikiiondoa kabisa?" D na A zikabaki peke yake.

"Nyumba imehamwa," akasema.

Nikajifanya natafuta miwani.

Akaweka kidole kwenye kodi ya mwisho ya wimbo wa mazishi. "Mbona hii F haina shapu?"

"Shapu iko kule mwanzoni mwa mstari. Ikishawekwa pale, kila F ni F shapu. Hairudiwi kuandikwa."

"Hata kama huioni?"

"Hata kama huioni."

"Nitaisahau, Dada."

"Ukisahau nakufinya."

Jumamosi alisimama ubavuni mwangu, karatasi mkononi, sauti imetulia. Aliimba sawasawa mpaka jeneza lilipoanza kushushwa. Tukafika kodi ya mwisho. F yake ikatoka bila shapu, nusu hatua chini, imenyooka kabisa. Mi yangu ikagongana nayo kama sufuria iliyoanguka sakafuni.

Mwalimu wetu hutuita mbuzi kwa makosa madogo kuliko hilo. Alitutazama. Mkono wangu ulikuwa tayari kufinya. Ukashika wake badala yake. Nikashusha sauti hadi ilipo yake, na wenzetu wa nyuma wakashuka nasi. Mwalimu hakukatiza wimbo. Aliuacha mkono wake juu mpaka kamba za jeneza zikalegea.

Tukirudi kwenye gari akaniuliza, "Nilisahau shapu, eti?"

"Ulisahau."

"Mbona hukunifinya?"

"Subiri Jumatano. Utafinywa mpaka uimbe soprano."

Chiriku alikuwa anaikunja karatasi yake, taratibu, ndogo, ndogo zaidi.