Mkono Uliokaliwa

Mdogo wangu amenitangulia katika kila kitu isipokuwa kuzaliwa. Hata mazoezi ya ualimu tulipangiwa shule moja, darasa la tatu, kila mmoja na mtoto wake wa kumfundisha kutoa kwa kukopa. Insha ya nadharia za ujifunzaji ingetokana na watoto hao, na mimi nilishaifeli mara moja. Nikiifeli tena, chuo ndiyo basi.

Wangu tulimwita Kimya. Peke yake alitoa 48 − 15 bila shida. 42 − 17 ilimshinda, ila kwa vijiti, na mimi pembeni, aliiweza. Hapo kati ya analoliweza mwenyewe na analoliweza akisaidiwa ndipo pa kufundishia, na nilipajua vizuri. Nikamfungulia fungu moja la vijiti kumi, nikamhesabia pamoja na vile viwili, vikawa kumi na viwili, nikamshika mkono akaandika 25. Wiki mbili nzima hakukosa hata moja. Nilivimba kichwa.

Mdogo wangu siku ya kwanza alifanya kama mimi. Ya pili akawa anamuuliza tu mtoto wake, mbili itatoa saba? Ya nne aliondoa vijiti, akamwachia achore; alipokwama, akavirudisha kidogo. Wiki ya pili alikaa tu, mikono kifuani. Nilimnong'oneza mwalimu wa darasa kuwa mwenzangu mvivu. Ulikuwa wivu mtupu, na niliona raha kusema.

Mkufunzi wetu wa chuo alikuja, akakusanya vijiti vyote, akaandika ubaoni 61 − 34. Mtoto wa mdogo wangu akapata 27. Kimya aliona moja haitoi nne, akageuza, nne ikatoa moja. Akaandika 33, kisha akageuka kuutafuta mkono wangu.

"Jukwaa la fundi hubomolewa ukuta ukisimama," mkufunzi aliniambia nje. "Wewe hujashusha hata ubao mmoja." Akanipa wiki moja.

Jioni sikumsemesha mdogo wangu. Alikuwa anapiga pasi sketi yangu, jambo lililozidi kuniudhi.

"Dada, uliza, halafu nyamaza," akasema. "Mkono ukikuwasha, ukalie."

Nilimchukia kwa kuwa alisema kweli. Jumatatu nikarudisha vijiti, ila akavifungua Kimya mwenyewe. Jumatano nilibaki na maswali. Ijumaa, mkufunzi akiwa nyuma yetu, sikubaki na kitu. 73 − 48. Kimya akaandika 35. Nikaukalia mkono, kweli kabisa, mpaka ukafa ganzi. Akaitazama ile 35, akaikata. Akachora mistari saba ya makumi, akafuta mmoja, akanong'ona kumi na tatu toa nane. Akaandika 25.

Akamkimbilia rafiki yake kumwonyesha daftari. Mimi hakunitazama hata kidogo. Wivu ukanibana upya, safari hii juu ya mtoto wa miaka minane, nikauandika kwenye insha kama ushahidi kwamba jukwaa limeshabomolewa.